YAH: Malalamiko kuhusu tangazo lenu la "Tuma bure, kwa kiwango bora, kwa dakika chache"

Nkuhungu, Dodoma

Kwa Mkurugenzi wa Masoko,

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi si mteja wenu moja kwa moja. Mteja wenu wa kutuma pesa ni mpwa wangu anayeishi Columbus, Ohio, huko Marekani. Mimi ni mjomba mtu, yule ambaye simu yake ndiyo inayoita pesa zikifika. Kazi yangu ni kuhariri vipeperushi na matangazo ya Kiswahili hapa mjini, kwa hiyo mtanisamehe nikilisoma tangazo lenu kwa kalamu nyekundu mkononi.

Novemba iliyopita tuliamua kumwekea bibi yake tanki la maji kule Hombolo kabla mvua hazijachanganya, ili maji ya batini yasiendelee kupotelea uani. Tanki, gata, bomba, koki, saruji na fundi, vyote nilivipigia hesabu ya shilingi 745,000. Mpwa wangu akanirushia watsapu picha ya tangazo lenu, akisema, "Mjomba, nimepata watu wazuri, hawakati hata senti." Tangazo lenyewe nalinukuu kama lilivyo:

"Tuma pesa nyumbani BURE! Hakuna makato. Kiwango bora: dola 1 = Sh 2,500*. Pesa zinafika kwa dakika chache! Tuma kabla ya saa 11 asubuhi zifike leo leo."

Tukazidisha: dola 300 mara 2,500 ni shilingi 750,000. Tanki limepatikana na soda ya fundi imepatikana. Akatuma Alhamisi, saa 4 na dakika 20 asubuhi kwake, ambayo kwetu ilikuwa saa 12 na dakika 20 jioni. Mimi nikalipa advansi ya kirikuu ya shilingi 20,000 ije Jumamosi alfajiri kubeba tanki kutoka Majengo.

Jumamosi kirikuu ikaja, pesa hazikuja. Fundi alikuwa ameshamaliza jukwaa la matofali, akakaa juu yake kama anajipima yeye badala ya tanki. Pesa zilifika Jumanne, na ujumbe wa simu ulisema shilingi 730,000.

Nilidhani mmetuibia. Mpwa wangu aliponitumia risiti na yale maandishi madogo ya chini, ambayo yote yako kwa Kiingereza ingawa tangazo ni la Kiswahili, nikaona hamkuiba. Kila neno la tangazo lina mahali ambapo ni kweli. Shida ni kwamba mahali hapo si pamoja.

Ile "bure" ni kwa anayelipa kutoka akaunti yake ya benki, na kwa njia hiyo pesa huchukua hadi siku 3 za kazi, kwa kuwa mnasubiri benki yake iwape kwanza. Zile "dakika chache" ni kwa anayelipa kwa kadi, naye hutozwa dola 3.99. Ile 2,500 yenye kinyota ni kwa mteja mpya tu, tena kwa dola 100 za kwanza. Zinazobaki hubadilishwa kwa 2,400. Kwa hiyo duniani hakuna mtu anayeweza kutuma dola 300 kwa bure, kwa dakika chache, kwa 2,500. Mmechukua njia mbili na zawadi ya ukaribisho, mkazishona zikawa huduma moja ambayo hamuiuzi.

Hesabu ya mpwa wangu basi ilikuwa hivi: dola 100 mara 2,500 ni 250,000, dola 200 mara 2,400 ni 480,000, jumla 730,000. Siku ile wastani wa dola kwenye tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, ambako bei za fedha za kigeni huchapishwa, ulikuwa karibu na 2,500. Kwa maneno mengine, huduma "ya bure" ilimgharimu shilingi 20,000, isipokuwa hazikuitwa ada. Zilijificha ndani ya bei ya dola. Angelipa kwa kadi, angeongeza karibu shilingi 10,000 nyingine.

Chukueni mshindani wa kufikirika anayetoza ada ya dola 2 waziwazi na kubadilisha kwa 2,480. Mpwa wangu angelipa dola 302, mimi ningepokea 744,000. Hata tukiitoa ile ada, ambayo ni kama shilingi 5,000, bado familia ingebaki na shilingi 9,000 zaidi kuliko kwenu mnaotuma bure. Ndiyo maana neno "bure" peke yake halimwambii mtumaji chochote. Kinachomwambia ni namba mbili tu: zinatoka dola ngapi mfukoni mwake, na zinaingia shilingi ngapi kwenye simu ya nyumbani.

Sasa niingie kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo, na ndipo naona mliyempa tangazo alihamisha Kiingereza bila kuuliza watu wanaongeaje.

"Hakuna makato." Mtumaji wa Ohio anaelewa kwamba hatozwi ada ya kutuma. Mpokeaji wa Dodoma anaelewa kitu kingine kabisa. Huku makato ni yale anayokatwa mtu akienda kutoa pesa kwa wakala. Mimi nilienda kutoa nikakatwa kama kawaida, na nikamlaumu wakala wa watu asiye na kosa. Kama mnachosamehe ni ada ya kutuma, andikeni "ada ya kutuma", halafu mseme wazi kwamba makato ya kutolea kwa wakala yako palepale.

"Kiwango bora." Kiwango cha nini? Kwa msomaji wa kawaida kiwango bora ni sifa ya bidhaa, kama bati au nondo. Wengine watadhani ni kiasi cha juu mnachoruhusu kutuma. Hakuna anayeuliza mtaani "kiwango cha kubadilisha fedha kikoje"; watu wanauliza "dola leo shilingi ngapi?" Jibuni swali hilo hilo kwa lugha hiyo hiyo.

"Saa 11 asubuhi." Hili lilinichekesha kabla halijanikera. Aliyetafsiri aliona 11:00 akaiacha ilivyo. Kwa Kiswahili saa 11 hiyo ni alfajiri, jogoo ndiyo kwanza wanawika. Mpwa wangu alibahatisha kwamba mnamaanisha saa 5 asubuhi, akawahi. Lakini angeweza kuamini ameshachelewa kwa saa tano na zaidi. Na ni saa 5 ya wapi? Saa 5 asubuhi ya Columbus mwezi Novemba ni saa 1 usiku huku. Andikeni "saa 5 asubuhi kwa saa za Ohio, yaani 11:00 kwenye simu yako", kwa sababu mtu aliyekaa ughaibuni miaka kumi husoma saa kwa mtindo mmoja akiwa kazini na kwa mwingine akiongea na mama yake.

"Siku za kazi", ambazo mmezificha kwenye yale maandishi madogo, nazo hazihesabiki hivihivi. Alhamisi hadi Jumanne sisi tuliona siku tano. Ninyi mliona tatu: Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Badala ya kumpa mtu kazi ya kuhesabu, mpeni siku: "Ukituma Alhamisi, zitafika kabla Jumanne haijaisha."

Nimejaribu kulihariri. Namba ni za siku ile:

"Tuma dola 300, nyumbani wapokee Sh 720,000. Dola 1 tunaibadilisha kwa Sh 2,400. Ukilipa kutoka akaunti ya benki, hatutozi ada ya kutuma. Pesa hufika ndani ya siku 3 za kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ukilipa kwa kadi, ada ni dola 3.99, pesa kwa kawaida hufika ndani ya dakika chache, ila mara ya kwanza tunaweza kuchelewa tukihakiki kitambulisho chako. Mteja mpya: dola 100 zako za kwanza tunazibadilisha kwa Sh 2,500. Makato ya kutoa pesa kwa wakala hayamo humu."

Mtaona nimeanza na bei ya mteja wa kila mwezi, zawadi ikaja mwisho. Mtu anayelea familia kutoka mbali hutuma mara kumi na mbili kwa mwaka; ya ukaribisho ni mara moja. Mtu wenu wa masoko atasema bei ya dola hubadilika kila siku, bango haliwezi kuifuata. Ni kweli. Basi kwenye bango msiandike bei, andikeni pengo: "Kwa kila dola tunakupa kama Sh 100 pungufu ya bei ya soko." Pengo hilo mnalipanga wenyewe, halibadiliki kila asubuhi. Najua hakuna kampuni inayopenda kuliandika. Lakini mpwa wangu angeliona, angejua anachonunua.

Tena hili si la hisani tu. Huko Marekani anakotumia mpwa wangu, kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2013 zinataka kwamba, kabla hajalipa, mtumaji aonyeshwe ada, bei ya kubadilishia na kiasi kitakachopokelewa. Zinataka pia maelezo hayo yaandikwe kwa Kiingereza na kwa lugha ambazo kampuni inazitumia zaidi kutangaza huduma hiyo. Kama Kiswahili kinawafaa kuvutia wateja, kinawafaa pia kwenye risiti. Na Machi 2024 ofisi ya serikali yao inayolinda watumiaji wa huduma za fedha ilionya kwamba kutangaza "bure" wakati kuna gharama, kuzika masharti ya ofa kwenye maandishi madogo, au kuahidi kasi ambayo haipatikani, kunaweza kuhesabiwa kuwa ni udanganyifu. Sikuyatafuta haya ili kuwatisha. Niliyatafuta Jumapili ile nikiwa sina cha kufanya, nasubiri pesa.

Naomba tangazo hili liondolewe au lihaririwe ndani ya siku 14, risiti na masharti viwekwe kwa Kiswahili, na mpwa wangu arudishiwe shilingi 20,000 za tofauti, kwa kuwa bei ya 2,400 haikuandikwa popote kwa lugha mliyomwitia.

Nimeambatisha picha ya tangazo, ya risiti, na ya ujumbe wa simu wa Jumanne. Za kirikuu sidai, hizo nimeshazimeza.

Wenu,

Mjomba wa mteja wenu wa Columbus