Bati 32, boksi ngapi za skrubu? Hesabu papi kwanza

Swali tunaloulizwa sana dukani kwetu huku Mbagala ni hili: "Nina bati 32, nipe skrubu za kutosha." Tunapojibu kwa swali lingine, "Papi zako ziko mistari mingapi?", wateja wengi hawana jibu, na wengine hudhani tunawazungusha. Lakini bila jibu hilo idadi yoyote tutakayotaja ni ya kubahatisha. Skrubu haishiki bati peke yake, inashika bati kwenye papi. Kila bati linapopita juu ya papi ndipo panapohitaji skrubu, kwa hiyo kinachohesabiwa ni makutano hayo.

Tuchukue paa la mteja wetu anayejenga Chanika. Ni paa la pande mbili, lenye urefu wa mita 12 kutoka ncha moja hadi nyingine, na kila upande unashuka mita 5 kutoka kwenye kofia hadi upenuni. Bati ni la migongo midogo, ameagiza likatwe mita 5 kamili ili lisiungwe katikati. Bati moja likishalaliwa na mwenzake linabaki kufunika sentimita 75. Mita 12 ukigawa kwa 0.75 unapata bati 16 kwa upande, yaani 32 kwa paa zima.

Sasa papi. Fundi wake anataka nafasi isizidi sentimita 90 kati ya papi na papi. Mita 5 ukigawa kwa 0.9 unapata 5.6, hivyo nafasi zinakuwa 6. Nafasi 6 zina mistari 7, kwa sababu kuna papi mwanzoni na mwishoni. Mstari huu mmoja ndio watu husahau, na kwa bati 32 haukosi kuleta upungufu wa boksi.

Mistari hiyo 7 haipigwi sawa. Mstari wa upenuni na ule wa juu kabisa hupigwa karibu zaidi, skrubu 5 kwa kila bati, mgongo mmoja unapigwa na unaofuata unarukwa. Sababu ni upepo. Unaingia chini ya ukingo wa bati na kulisukuma juu, na bati huanza kung'oka kwenye kingo kabla ya katikati. Wanaojenga Kigamboni na maeneo mengine yaliyo wazi kuelekea bahari wanalijua hili vizuri pale kusi linapovuma. Mistari 5 ya katikati inatosha skrubu 3 kwa bati, mojawapo ikiwa pale bati linapolaliana na jirani yake, ili skrubu hiyo moja ikamate yote mawili.

Kwa bati moja, basi, ni 10 za kingo na 15 za katikati, jumla 25. Mara 32 unapata 800. Bati la mwisho la kila upande lina ukingo wa nje usiolaliwa na mtu, nao unataka skrubu moja kwenye kila papi: 7 kwa upande, 14 kwa pande zote mbili. Tumefika 814.

Kofia ndiyo inayowachanganya hata mafundi. Mwenye paa hili alikuwa ameandikiwa skrubu nyingine 160 za kofia, juu ya zile za bati. Lakini skrubu za kofia zinapita kwenye kofia, kwenye bati, kisha kwenye papi ile ile ya juu ambayo tumeshaihesabia 5 kwa kila bati, na 5 mara 32 ni 160 hizo hizo. Ukiziongeza tena umelipa mara mbili. Kinachotakiwa ni skrubu moja kwa kila bati ya kulishikilia hapo juu hadi kofia ipandishwe: 32. Jumla yetu ni 846. Tunaongeza asilimia 5 kwa zile zitakazodondoka, zitakazoharibika kichwa au zitakazokosa papi, tunafika kama 888. Skrubu zetu zinakuja boksi la 100, hivyo anachukua boksi 9.

Angalia ingekuwaje kama angenunua bati fupi na kuunga mbili mbili kwa kushuka. Bati zingekuwa 64, na mtu wa kuzidisha angesema 64 mara 25, skrubu 1,600. Siyo. Papi bado ni 7. Kilichobadilika ni kwamba mstari mmoja wa katikati sasa una muungo, na muungo unapigwa 5 badala ya 3. Nyongeza ni 2 mara 32, yaani 64 tu. Paa lenye bati mara mbili limeongeza chini ya boksi moja.

Kwa wanaotumia misumari ya bati, idadi ya kuanzia ni ile ile, 846, ila ongeza asilimia 10 kwa sababu msumari hupinda: sema 930. Misumari inauzwa kwa kilo, na idadi ndani ya kilo hubadilika kulingana na urefu, unene na ukubwa wa kichwa. Usikubali kuambiwa kwa mdomo. Mwambie muuzaji apime robo kilo ya misumari hiyo hiyo unayonunua, imwage mezani muihesabu. Ikiwa 30, kilo ina 120, na 930 zinataka kilo 8.

Ushauri wetu, kama mfuko unaruhusu, ni skrubu. Mbao zetu nyingi hupandishwa zikiwa bado na maji. Zikikauka juani husinyaa, na msumari laini hupoteza mshiko na kuanza kupanda taratibu. Utauona kwa chini kabla hujauona kwa juu: mchirizi wa kutu kwenye papi, au doa la maji linalotokea baada ya mvua ya masika. Skrubu ina meno, inabaki.

Lakini skrubu nayo huharibiwa na mkono wa fundi. Itazame raba yake baada ya kukazwa. Ikiwa imebonyea kidogo na kufika usawa wa ukingo wa kifuniko cha chuma, imekaa. Ikiwa imetokeza nje na mgongo wa bati umebonyea, amekaza kupita kiasi, raba itapasuka kwa jua na maji yatapata njia. Ikiwa skrubu inazunguka bila kukaza, imekosa papi. Tundu lake lizibwe siku hiyo hiyo.

Urefu nao uangaliwe. Skrubu inapigwa juu ya mgongo, mahali maji hayapiti, kwa hiyo sehemu yake inapotea hewani kabla ya kugusa mbao. Kwa bati la migongo mipana na papi za mbili kwa mbili tunatoa inchi 2 na nusu. Fupi kuliko hapo itashika mbao kwa ncha tu.

Paa la pande nne lina kofia za pembeni, ambazo haziko kwenye hesabu hii, na bati hukatwa mshazari. Ukija na paa la namna hiyo, tuletee urefu wa kila kofia, mistari ya papi kila upande na upana wa bati linavyofunika. Picha ya mchoro wa fundi kwenye simu inatosha, tutahesabu pamoja kaunta. Boksi litakalobaki bila kufunguliwa lirudishe na risiti.