Yah: Malalamiko Kuhusu Koti na Skafu Zilizotiwa kwenye Picha ya Mteja Wetu

Kwa Meneja wa Kampuni ya Uhariri wa Picha,

Assalaam aleykum.

Tumepokea picha ya mteja wetu aliyepigwa Forodhani saa kumi jioni, amevaa shati jepesi. Tuliagiza avishwe koti zito la sufu na skafu, ili picha ifae kadi ya Januari kwa jamaa zake walioko Ulaya. Kwa hali iliyonayo hatuwezi kumkabidhi.

Kubwa ni mwanga. Jua linampiga kutoka kushoto kwa picha, na shavu lililo kulia liko kivulini. Koti mlilochagua lilipigwa kwa mwanga wa kulia, kwa hiyo mhariri wenu akaligeuza kwa Flip Horizontal. Mwanga ukakaa sawa, lakini vifungo vimehamia kushoto kwa mvaaji. Koti la kiume hufungwa kipande cha kushoto kikiwa juu ya cha kulia. Hili sasa ni la kike, na fundi cherehani yeyote wa Darajani ataliona kabla hajaangalia sura. Lilitakiwa koti lililopigwa siku ya mawingu, ambalo mikunjo yake haina vivuli vikali, kisha litiwe giza upande wa kulia kwa leya ya Curves yenye maski. Kivuli kikali kikishaingia kwenye mkunjo, kukifuta bila kuacha alama ni kazi ngumu mno.

Skafu nayo imebandikwa kipande kimoja mbele ya shingo, kama bango ukutani. Kitu kinachozunguka shingo kinataka leya mbili: ya nyuma ikae chini ya leya ya shingo, ya mbele ikae juu yake. Chini ya kidevu hakuna kivuli kabisa, ndiyo maana kichwa kinaonekana kuelea. Kivuli kipakwe kwa brashi laini kwenye leya ya Multiply, kikolee pale kidevu kinapokaribia kitambaa, kisha kififie kinaposhuka. Rangi yake ichukuliwe kwenye kivuli cha ngozi ya mteja mwenyewe. Nyeusi tupu huigeuza ngozi kuwa kijivu. Na kola ya shati bado inachungulia juu ya skafu.

Mabega yamebanwa yafuate mstari wa shati, wakati sufu nzito huongeza upana. Koti litanuliwe kwa Warp. Ukingo mweupe uliobaki kwenye mikono umetokana na mandhari koti lilikokatwa, na Decontaminate Colors ingeupunguza.

Jasho linalong'aa kwenye paji la uso pia lipunguzwe. Aliyejifunga skafu ya Januari hatoki jasho la Forodhani.

Tunaomba kazi irudiwe bila malipo ya ziada, na tuletewe faili la PSD lenye leya zote badala ya JPEG. Ikishindikana, turejeshewe arubuni yetu yote ndani ya siku 7.

Wenu,
Uongozi wa Studio,
Mkunazini, Unguja