Maneno ya kujitambulisha Jumamosi

Assalaam aleikum walezi wetu na vijana wetu. Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana Ngomeni, Lamu, ili kila mlezi na kijana atakayemwongoza wajuane. Wa Matondoni na Shela, pandeni mashua mapema tafadhali.

Mlezi ndiye atakayeanza kusema. Mwaka jana tuliwatanguliza vijana, na kwa heshima wakataja majina tu wakanyamaza. Kwa hiyo mlezi, chukua dakika mbili: jina, kazi yako, na kosa moja ulilofanya ulipokuwa mwanagenzi. Vyeo viacheni nyumbani. Fundi wa mashua anaweza kusema hivi: "Mbao yangu ya kwanza niliikata kabla ya kuipima mara ya pili, ikapunguka shubiri nzima." Kijana akisikia hivyo, hataona haya sana kueleza lake.

Kijana, wewe taja jambo moja unalotaka kulijua katika miezi mitatu. "Nataka kufanikiwa" halimpi mlezi pa kushika. "Nataka kujua kukadiria mbao za mashua kabla ya kwenda kununua" linampa kazi ya wiki ijayo. Likiwa bado pana, mlezi muulize: "Mara ya mwisho ulikwama wapi?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akikawia.

Baadaye kila wawili wakae kando dakika ishirini, wapatane siku ya kukutana na saa za kupigiana simu. Mnayoambiana ni siri yenu, isipokuwa mtu yuko hatarini. Hapo mnaniarifu siku hiyo hiyo.