Acha mikono ya baba yake iseme

Rafiki yangu mpenzi,

Nimeisoma rasimu uliyonitumia pamoja na masahihisho yako, na nimeelewa kwa nini mwandishi wako alikujibu kwa maneno manne tu: "Ni nzuri, si yangu." Sidhani kama amekasirika. Amekwambia ukweli.

Tazama alivyoandika mwenyewe:

"Baba yangu alikuwa mtu wa kimya. Mikono zake zilikuwa zinasema. Wakati yeye alikasirika, yeye alikunja shati, mara moja, mara mbili, mara tatu. Sisi tulijua. Sisi tulikaa kimya."

Nawe ukaandika: "Baba yangu alikuwa mkimya kupindukia, ila alipopandwa na hasira alikunja shati lake, nasi tukafyata mkia."

Kiswahili chako hakina kosa. Lakini "kupandwa na hasira" na "kufyata mkia" ni misemo uliyokua nayo, inakujia bila kuitafuta. Yeye hakukua nayo, na kwa kuwa hakuwa na msemo wa kuishika hasira ya baba yake, ilimbidi atazame mikono. Halafu umefuta "mara moja, mara mbili, mara tatu", pale pale ambapo mtoto anahesabu mikunjo huku roho ikimdunda.

Mimi ningeanza na yasiyo na ubishi. "Mikono zake" ni kuteleza kwa ngeli tu; mistari michache chini ameandika "miti yake" sawasawa, kwa hiyo kanuni anaijua. Iwe "mikono yake ilikuwa inasema". Najua mkono ungekuwasha uandike "ndiyo iliyosema". Usiandike. "Wakati yeye alikasirika" ni muundo wa lugha yake ya kwanza uliovaa maneno yetu. Msomaji anajikwaa hapo na hapati kitu, basi "alipokasirika" inatosha, na yule "yeye" wa pili anaondoka pia.

Ila "sisi" usiwaguse. Mwalimu angesema kiambishi "tu-" kimeshabeba nafsi, na ni kweli. Lakini hao wawili wamekuja mwishoni, katika sentensi fupi mbili zinazofuatana, na mimi nawaona watoto wamesimama wamebanana. Na "mtu wa kimya" mwache vilevile. Sisi tungesema "mkimya", lakini maana iko wazi, na mtu wa kimya anasikika kama mtu aliyetoka mahali panapoitwa kimya.

Linabaki shati. Alilikunja kama nguo za kuweka kabatini, au alikunja mikono yake? Wewe uliliacha hivyo hivyo, mimi nilimwuliza. Nilimpa njia mbili achague, kwa sababu ukimwuliza mtu anayejifunza lugha "ulimaanisha nini?" ataona aibu na kuifuta sentensi nzima. Akajibu: mikono ya shati. Basi aya yake ikawa:

"Baba yangu alikuwa mtu wa kimya. Mikono yake ilikuwa inasema. Alipokasirika, alikunja mikono ya shati, mara moja, mara mbili, mara tatu. Sisi tulijua. Sisi tulikaa kimya."

Ona neno "mikono" lilivyorudi. Hilo hatukulipanga, lilikuwa limejificha ndani ya hadithi yake.

Sasa nikuonye na upande wa pili, maana huko nilianguka mimi. Ukurasa wa tatu ameandika "usiku njaa ilinisikia". Niliipenda sana, nikaiwekea alama asiiguse mtu. Baadaye nikaona bora nimwulize: wewe uliisikia njaa, au njaa ilikusikia wewe? Alikuwa amechanganya tu viambishi, na alifurahi kurekebishwa. Ningeinyamazia, wasomaji wangesifu kitu ambacho hakukisema, naye asingejua kwa nini. Sauti yake ni yale aliyoyachagua, na mara nyingine huwezi kujua alichagua nini mpaka umwulize.

Nakuomba basi uirudie rasimu yake ya mwanzo, si hii yako. Isome kwa sauti mara mbili bila kalamu, uyazoee mapigo yake. Kisha sahihisha huku kila badiliko likionekana, ili aweze kulikataa. Ukimaliza, mwombe akusomee yeye. Akisita kwenye sentensi ambayo ni yake, tazama vizuri: huenda neno lako limebaki pale.

Ukurasa wa tano, ile habari ya mazishi, sijaugusa. Una kitenzi kimoja kinachonisumbua, "tulimpanda" badala ya "tulimzika". Mwulize kabla hujakisahihisha, kisha uniandikie alichojibu.

Wako akupendaye.