Dawa ya sukari ya kwenye chupa, kipimo chake anakijua nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu hizi dawa za chupa zinazouzwa minadani na stendi hapa Dodoma, hasa hizi za sukari. Nauza duka la dawa huku Ipagala, huu mwaka wa tisa, na haipiti wiki mteja hajaniuliza kama aendelee na chupa yake au achukue zile kapsuli za mitishamba zilizopo kabatini kwangu. Jibu langu huwa refu kuliko anavyotaka, ndo maana nimeamua kuliandika.

Nianze na shangazi yangu. Ana miaka 67, ana kisukari, dawa yake ya hospitali ni metfomini peke yake. Mwezi wa nane alinunua mnadani chupa ya lita moja na nusu, ile ya maji ya kunywa iliyotumika, ndani kuna kitu rangi ya chai ya rangi, shilingi 15,000, akaambiwa nusu glasi asubuhi nusu glasi jioni. Siku ya tatu akanipigia kwa furaha kabisa, "Mwanangu, asubuhi imesoma 5, miaka yote hii sijawahi kuiona 5!" Nami nikafurahi naye, na hilo najilaumu mpaka leo, maana mtu wa dawa nilitakiwa nijiulize mizizi gani hiyo inashusha sukari kwa siku tatu.

Siku ya tano usiku alikula vizuri tu, ugali wa uwele na mlenda, baadae jasho likaanza kumtoka, mikono inatetemeka, akawa anaongea vitu havieleweki. Mashine ikasoma 2.4, na ikishuka chini ya 4 kwa mgonjwa wa kisukari tayari ni shida. Wakampa maji ya sukari, akarudi vizuri, wote wakalala wakijua yameisha. Saa tisa usiku ikawa 2.9. Hapo ndo wakamkimbiza hospitali, akawekewa dripu ya sukari na akakaa siku mbili anapimwa kila baada ya masaa machache.

Sasa hapo kwenye kushuka mara ya pili ndo pana maana. Metfomini ikiwa peke yake, kwa mtu anayekula, ni nadra sana kushusha sukari mpaka kuzimia. Dawa zinazofanya hivo ni za kundi la glibenklamaidi, vile vidonge vya bei rahisi vinavyoilazimisha kongosho kumwaga insulini hata kama sukari iko chini, na kazi yake inaweza kwenda siku nzima au zaidi, kwa mzee mwenye figo zilizochoka ndo kabisa. Kwahiyo unakunywa maji ya sukari unapata nafuu, halafu dawa bado iko mwilini inakushusha tena. Siwezi kuapa kwamba kuna mtu alisaga vidonge akatia kwenye ile chupa, maana watoto waliimwaga kwa hasira kesho yake asubuhi na hakuna kilichobaki cha kupima. Ila jambo lenyewe lipo duniani na limeandikwa. Singapore mwaka 2008, ndani ya miezi mitano, watu 150 ambao hata kisukari hawana walilazwa kwa sukari kushuka, wanne wakafa, na wengi wao walikutwa na glibenklamaidi, iliyokuwa imechanganywa kwenye dawa za nguvu za kiume. Na zile zilikuwa vidonge na kapsuli zilizopakiwa vizuri tu, kwahiyo mtu asiniambie kapsuli ni salama kwa sababu ya boksi lake.

Tuseme basi chupa ni mizizi mitupu. Kipimo bado hakipo. Nusu glasi ya nani? Glasi ya shangazi ikijaa inaingia mililita 300, ya jirani yake 200, hapo tayari mmoja anakunywa mara moja na nusu ya mwenzake. Anayechemsha nae leo kachemsha lita tano zikabaki tatu, wiki ijayo moto umekolea zimebaki mbili, na bado anauza kwa jina lilelile na maelekezo yaleyale. Halafu kuna mashapo chini ya chupa, asipotikisa siku za mwanzo anakunywa maji, siku za mwisho anakunywa tope lenye dawa yote.

Hapo kapsuli inaweza kusaidia, lakini siyo kila kapsuli. Maganda matupu ya kapsuli yananunuliwa tu na mtu anajaza unga wake nyumbani kwa kijiko. Ukigeuza kopo utaona maandishi, na hapo ndo pa kusoma. Likiandika "mlonge 500 mg" bila neno lingine, huo kwa kawaida ni unga wa majani, nusu gramu tu, pungufu kabisa ya kijiko cha chai. Likiandika ni dondoo la 10:1, maana yake majani kilo kumi yametoa kilo moja, kwahiyo miligramu zilezile 500 zinabeba nguvu ya gramu tano za majani. Kapsuli mbili zinafanana kwa macho na moja inazidi nyingine mara kumi! Iliyopimwa kweli inataja pia kiambata chake na asilimia yake, sehemu ya mmea iliyotumika, namba ya toleo na tarehe ya kuisha.

Kuhusu uchafu nitasema kidogo, sisi wa Dodoma tulishaona. Mwaka 2016 watu wetu huku na Manyara walikufa kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na ukungu ule hauchagui, majani na magome yakianikwa chini na kufungwa kwenye kiroba kabla hayajakauka unaota vilevile. Unga ukiwa na mabonge au harufu ya stoo iliyofungwa, acha, ingawa sumukuvu yenyewe haina harufu wala rangi na kuchemsha hakuimalizi. Chupa ikifunguka na kufoka kama soda, imeshachacha.

Kabla ya kutoa hela muulize muuzaji mmea gani na sehemu gani, akisema "ni siri ya babu" ondoka. Uliza namba ya usajili ya dawa yenyewe kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, siyo kibali chake yeye cha uganga. Kuna wanaoonyesha karatasi ya Mkemia Mkuu imelaminetiwa, iangalie tarehe, ile inahusu sampuli iliyopelekwa siku ile na si chupa uliyoishika. Ukishanunua, mwambie daktari wako, pima sukari asubuhi na kabla ya kulala, na usimwage kilichobaki hata ukiumwa vipi, nenda nacho hospitali.

Ombi langu kwa waratibu wa tiba asili wa halmashauri zetu ni dogo, siku za mnada wawepo pale na orodha ya dawa zilizosajiliwa, ibandikwe mahali mama mwenye kikapu anaweza kuisoma. Shangazi alirudi kumtafuta yule muuzaji wiki mbili baadae, akaambiwa kahamia mnada mwingine.

Muuza dawa,
Ipagala, Dodoma