YAH: Mfumo wenu kupoteza salio la kila mfadhili unapofunga mwaka

Idara ya Fedha,
Kigoma.
22 Aprili

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshapiga simu mara mbili kuhusu jambo hili. Sasa naandika, kwa sababu majibu niliyopewa hayakugusa tatizo lenyewe.

Shirika letu lina mradi wa visima Kasulu na mradi wa elimu ya wasichana Kibondo. Kila mradi una mfadhili wake na masharti yake, na pembeni tuna mfuko mdogo wa shirika lenyewe. Tulinunua mfumo wenu kwa ahadi moja kubwa: kwamba utatunza hesabu za kila mfadhili peke yake. Mwaka mzima ulifanya hivyo. Kila hati ya malipo tuliipa msimbo wa mfuko na taarifa zikatoka sawasawa. Mambo yaliharibika tulipofunga mwaka kwa tarehe 31 Desemba.

Siku hiyo fedha za visima zilizobaki zilikuwa shilingi 58,600,000. Mradi wa elimu ulikuwa umezidisha shilingi 8,250,000, kwa kuwa mfadhili wake hurudisha fedha baada ya kuona matumizi. Hilo lilikuwa dai letu kwake. Mfuko wa shirika ulibakiwa na 2,850,000. Mfumo ulirudisha akaunti za mapato na matumizi kuwa sifuri, kama inavyotakiwa, kisha ukachukua tofauti yote, shilingi 53,200,000, ukaiweka kwenye akaunti 3900 kwa ingizo moja lisilo na msimbo wa mfuko. Mifuko mitatu ikawa chungu kimoja. Kibaya zaidi, deni la elimu likakatwa humo humo kwenye fedha za visima, jambo ambalo mkataba wa visima unalikataza waziwazi.

Hatukugundua mapema kwa sababu jumla ilikuwa sahihi. Urari ulilingana, mizania ililingana. Tuligundua mwanzoni mwa Aprili nilipochapisha taarifa ya robo ya kwanza ya visima. Salio la kuanzia liliandikwa sifuri, matumizi 21,700,000, na chini kabisa tukaonekana tumezidisha 21,700,000. Kando yake, juu ya meza ile ile, nilikuwa na taarifa ya benki ya akaunti ya mradi huo: shilingi 36,900,000. Fedha zipo benki, lakini kwenye mfumo wenu hazina mwenyewe. Ofisa wa mfadhili aliponiuliza, "Mhasibu, fedha zetu zilizobaki mwaka jana ziko wapi?" nilimjibu kwa karatasi ya benki, maana taarifa ya mfumo isingenitetea.

Fundi wenu aliniambia, "Mizania imelingana, hakuna tatizo." Ndugu Meneja, kulingana kwa mizania kunathibitisha jumla tu. Sisi tunaulizwa fedha ya nani imebaki kiasi gani, na mizania ya shirika zima haiwezi kujibu hilo.

Baadaye akanishauri niingize marekebisho kwa mkono kila mwaka. Nilifanya hivyo: nilidebiti 3900 isiyo na msimbo 53,200,000, nikaigawa kwa krediti ya 58,600,000 kwa visima, debiti ya 8,250,000 kwa elimu na krediti ya 2,850,000 kwa shirika. Ilikaa siku tisa. Mkaguzi wa hesabu alipopita alikuta dizeli ya shilingi 640,000 iliyoandikwa visima ilhali gari lilikwenda Kibondo. Tukafungua mwaka, tukaihamishia elimu, tukafunga tena. Mfumo ukarudia ingizo lake la 53,200,000 bila msimbo, kwa kuwa jumla haikubadilika, na marekebisho yangu ya mkono yakabaki na namba za zamani. Visima vilitakiwa kusoma 59,240,000, na elimu kuzidisha 8,890,000. Hakuna onyo lolote lililotokea kwenye skrini. Nisingerudia hesabu kwa kikokotoo, kosa hilo lingekwenda kwa wafadhili wawili likiwa na saini yangu.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, programu ya kufunga mwaka irekebishwe iandike ingizo moja kwa kila msimbo wa mfuko, na ikatae kufunga pale msimbo unapokosekana. La pili, kabla ya kugusa hesabu zetu halisi, mjaribu kwenye nakala ya data yetu: mfunge mwaka, muufungue, muingize yale marekebisho ya dizeli, muufunge tena, kisha mtuletee salio la kila mfuko. Tutalilinganisha na 59,240,000, na 8,890,000 iliyozidi, na 2,850,000.

Taarifa ya robo ya pili inatakiwa kwa wafadhili Julai. Tunahitaji majibu ya maandishi kabla ya tarehe 15 Mei. Ada ya matengenezo ya mwaka huu hatutailipa mpaka jaribio hilo litoe namba hizo tatu.

Wako katika kazi,

Mhasibu Mkuu