Mistari ya Ngome ya Yesu

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na skripti ya ziara ya Ngome ya Yesu, Mombasa, uliyoambatanisha nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti nikiwa nimesimama, kwa sababu maneno ya kutembeza wageni husomwa kwa miguu. Umefanya kazi kubwa. Ila kuna jambo moja nataka tulizungumze kwa urefu kabla hujaanza kuikariri.

Kila kituo umeandika aya nzima ya Kiswahili, halafu tafsiri yake kwa Kiingereza. Nami nilianza hivyo hivyo, na siku ya kwanza tu niliona matokeo yake. Nilikuwa na wanafunzi na walimu wao pamoja na wageni sita kutoka nje. Nilipomaliza Kiswahili na kuingia Kiingereza, wanafunzi walijua hakuna jipya linalokuja, wakaondoka kwenda kwenye mizinga. Kituo kilichofuata nikaanza na Kiingereza, na safari hii wageni ndio waliotawanyika. Tafsiri ya neno kwa neno inamwambia kila msikilizaji kuwa nusu ya muda wake haina kazi.

Dawa niliyoipata ni kugawa. Kila kituo kina jambo moja ambalo lazima lisikike kwa lugha zote mbili, nami naliita msumari. Yanayobaki nayagawa: lugha moja inabeba hili, nyingine inabeba lile, na kila upande unatosha kueleweka bila mwenzake. Wanaojua lugha zote mbili wanapata zaidi, na mara nyingi ndio wanaomnong'oneza jirani yao kile alichokosa. Hapo kundi linakuwa kundi kweli.

Chukua kituo chako cha ukutani, upande unaotazama bahari, unapoeleza mzingiro wa Waomani. Umeandika mistari kumi na nne. Nimeipunguza ikabaki sita. Ile ya Kiingereza nakupa maana yake tu, maneno yenyewe uyachague wewe, kwa sababu mdomo utakaoyatamka ni wako.

Kiingereza: Tazameni bahari. Wareno waliokuwa humu ndani walikuwa wakitazama hapo hapo kila siku, wakingoja meli za msaada.

Kiswahili: Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira ngome hii. Mzingiro ulidumu miezi thelathini na mitatu.

Kiingereza: Miezi thelathini na mitatu.

Kiswahili: Mtoto aliyezaliwa siku ya kwanza ya mzingiro, siku ngome ilipoanguka alikuwa keshajua kuongea.

Kiingereza: Ngome ilianguka Desemba 1698. Meli za msaada zilitokea siku chache baadaye.

Kiswahili: Wengi hawakuuawa kwa risasi. Maradhi na njaa ndivyo vilivyowamaliza humu ndani.

Angalia msumari ulivyokaa. Idadi ya miezi inatajwa kwa Kiswahili na papo hapo inarudiwa kwa Kiingereza, bila kitu katikati. Wewe ulikuwa umeandika miezi 33 upande mmoja na karibu miaka mitatu upande wa pili. Hesabu ni ile ile, lakini msikilizaji anayejua lugha zote mbili anasikia habari mbili tofauti, anaanza kupiga hesabu kichwani, na mstari unaofuata unampita. Tarakimu ya msumari iwe moja, neno lile lile, kila siku.

Kuhusu miaka, hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana kabisa. Langoni umeandika kwamba ujenzi ulianza 1593 na kwisha 1596. Kwa macho ni tarakimu nne tu. Sasa itamke: elfu moja mia tano tisini na tatu, mpaka elfu moja mia tano tisini na sita. Pumzi inakwisha na hakuna aliyeshika chochote. Kwa Kiingereza mwaka hutamkwa vipande viwili vifupi na kuisha. Kwa hiyo miaka kamili ya pale langoni mpe Kiingereza, na kwa Kiswahili sema tu kwamba kuta hizi zina zaidi ya miaka mia nne. Mwaka mrefu wa Kiswahili utumie mara chache sana, pale mwaka wenyewe unapokuwa ndiyo habari. Hata 1696 niliyoiacha hapo juu, ukiona inakukwama, ihamishie upande wa Kiingereza.

Kuna mambo ambayo hayagawanywi. Ngazi zinazoteleza, mlango mfupi unaogonga kichwa, ukingo wa ukuta usio na kizuizi: hayo yanasemwa kwa lugha zote mbili, kwa ukamilifu, kabla hata mguu wa kwanza haujasogea. Na saa ya kukutana tena. Tafadhali hili la saa ulitilie maanani. Umeandika tukutane langoni saa nne, na kwenye mstari wa Kiingereza ukaweka nne vile vile. Mgeni atakuja saa kumi ya jioni! Mimi niliwahi kumpoteza mama mmoja kwa namna hiyo hiyo. Tulimkuta ameketi kivulini peke yake, anatusubiri kwa utulivu. Tangu hapo naonyesha saa yangu ya mkononi na kusema mkono mfupi ukifika kwenye kumi, kisha kila lugha naitajia saa yake.

Lile la umbo la ngome nimelipenda, kwamba kwa mtu anayeitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali. Lakini kutoka ndani hakuna anayeweza kuliona, na maneno hayatoshi kwa lugha yoyote. Beba ramani iliyochorwa kubwa, iinue, fuatisha kwa kidole kichwa, mikono na miguu huku umenyamaza, halafu sema mstari mmoja kwa kila lugha. Jina la mchoraji wa ngome, Giovanni Battista Cairati, liache kwa atakayeuliza. Ni habari njema, ila jina geni haliingii kichwani kwa kusikiwa mara moja juani. Habari kwamba Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 mpaka 1958 ihamishe kutoka langoni. Haina mahali pa kushikia pale. Iseme mkiwa ndani, mkiwa mmezungukwa na kuta pande zote, na msumari wake uwe neno gereza, siyo miaka.

Ukimaliza kuandika upya, fanya jaribio hili. Funika mistari yote ya Kiingereza kwa kiganja na usome Kiswahili peke yake. Ukikuta sentensi inayosema kwa hiyo au ndiyo maana, na sababu yake imebaki chini ya kiganja, hapo umemwacha mtu njiani. Kisha geuza, ufunike Kiswahili. Mimi hupata makosa mengi zaidi kwenye raundi ya pili, kwa sababu Kiswahili ndicho ninachofikiria nacho, na sioni ninapokitegemea.

Na mwisho wa ziara, mkiwa mnatoka, muulize mtoto mmoja na mgeni mmoja, kila mtu kwa lugha yake, amekumbuka nini. Usimsaidie. Wakitaja jambo lile lile, msumari uliingia. Mimi pale ukutani husikia habari ya yule mtoto aliyejua kuongea mara nyingi kuliko habari ya meli, ndiyo maana nafikiria kuiongeza na upande wa Kiingereza na kuifupisha ile ya maradhi. Bado sijaamua. Ijaribu wewe kwanza, kisha uniandikie ulichosikia mlangoni.

Nitumie na kituo cha mizinga ukishakikata. Kile usikikate mno.

Ni mimi rafiki yako